Dawa Iliyomponya Kifua na Mlango Ilioufungua Tumboni

Barua iliyotufanya tuandike makala haya ilitoka kwa dada mmoja wa Mombasa, msomaji wetu wa siku nyingi. Mamake mzazi anaishi Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, pamoja na binti yake mdogo afanyaye kazi katika shamba la maua. Dada huyo aliuliza swali moja. Yawezekanaje mtu aingie hospitalini akiumwa kifua, atibiwe apone, kisha arudi nyumbani apatwe na maradhi ya tumbo yaliyokaribia kumuua, na daktari aseme kwamba dawa ile ile iliyomponya ndiyo iliyoufungua mlango wa maradhi ya pili? Tulikwenda Karagita, tukaketi na familia, tukaoneshwa karatasi za hospitali. Wameturuhusu tusimulie kwa sharti kwamba jina la mtu wala la hospitali lisitajwe. Mgonjwa tutamwita Bibi, kama wajukuu zake wamwitavyo.

Wenye jamaa Karagita wanaijua hali yake. Ni mtaa uliokua kando ya barabara izungukayo ziwa upande wa kusini, ukajaa watu waliotoka kila pembe ya Kenya kufuata kazi za mashamba ya maua. Vyumba vya kupanga vimejengwa safu kwa safu ndani ya ploti, na wapangaji wengi hutumia choo kimoja. Katika ploti anayoishi Bibi, maji hununuliwa kwa mitungi ya lita ishirini. Twamwomba msomaji aishike habari hiyo ya mitungi, kwa kuwa tutairudia.

Bibi ana umri wa miaka 68. Mwezi mmoja kabla ya kuumwa kifua alisikia uchungu wa mkojo. Bintiye akamnunulia siprofloksasini za siku tano katika duka la dawa, bila cheti cha daktari. Siku ya tatu uchungu ulikwisha, naye akavifunga vidonge vilivyobaki katika kipande cha karatasi na kuviweka kabatini. Kisha likaja baridi la usiku wa Naivasha, na baada yake kikohozi, homa na pumzi za shida. Alilazwa kwa nimonia. Kwa siku saba alidungwa seftriaksoni kwenye mshipa, akapewa pia omeprazoli kila asubuhi ili kulinda tumbo. Nimonia ilipona vizuri, na hapo hapana lawama yoyote: bila ya seftriaksoni huenda tusingemkuta hai.

Siku ya tano baada ya kurudi nyumbani alianza kuhara. Siku ya kwanza mara tatu, siku ya pili mara tisa. Choo kilikuwa maji matupu yenye harufu kali isiyo ya kawaida, na chini ya kitovu palikuwa na msokoto usiokwisha. Bintiye alifanya yale ambayo wengi wetu tungeyafanya. Alinunua dawa ya kufunga tumbo, kisha akavikumbuka vile vidonge vya kabatini, akampa mamake akidhani kwamba tumbo limeingiwa na uchafu. Kuhara kulipungua kwa siku moja. Siku iliyofuata tumbo lilifura, homa ikapanda, na Bibi akaanza kusema maneno yasiyoeleweka.

Ili kuelewa lililotokea, ni lazima kwanza tuingie ndani ya utumbo mpana. Humo hukaa bakteria wa mamia ya aina, kwa idadi isiyohesabika kwa akili ya kawaida, na walio wengi ni wema kwetu. Hula mabaki ya chakula tusichoweza kukisaga wenyewe, na kwa kukila hukimaliza, kiasi kwamba mgeni akija hakuti cha kula. Lakini wana kazi nyingine ambayo hata wahudumu wa afya wengi hawaisemi, nayo ni kazi ya kuigeuza nyongo.

Ini hutengeneza nyongo na kuimimina katika utumbo mwembamba ili isaidie kuyeyusha mafuta. Nyongo hiyo ikiwa bado katika umbo lake la kwanza ina chumvi fulani ambazo kwa bakteria tunayemzungumzia ni kama adhana ya kumwamsha aliyelala. Nyongo ifikapo katika utumbo mpana, baadhi ya wale bakteria wema huibadilisha umbo, na katika umbo hilo la pili haimwamshi tena, bali humzuia asikue. Basi mtu mwenye tumbo lililotulia anaweza kumeza mbegu za adui huyu leo na kesho, zikapita zikatoka, asijue kwamba alitembelewa.

Adui mwenyewe aitwa Klostridioidesi difisile, na sisi tutamwita difisile kwa ufupi. Jina hilo la Kilatini lina maana ya mgumu. Alipewa mwaka 1935 na watafiti wawili wa Marekani, Ivan Hall na Elizabeth O'Toole, waliomkuta katika vinyesi vya watoto wachanga na wakapata taabu kubwa kumkuza katika maabara, maana hewa ya kawaida humuua. Watoto wale walikuwa wazima. Hadi leo ni jambo la kawaida kumkuta difisile katika utumbo wa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja bila ya madhara yoyote, kwa hiyo mama mwenye kichanga asishtuke. Kwa zaidi ya miaka arubaini hakuna aliyemhusisha na maradhi haya ya tumbo. Mwaka 1978 ndipo John Bartlett na wenzake wa Boston walipoonesha kwamba sumu yake ndiyo iliyokuwa ikichoma matumbo ya wagonjwa waliotumia klindamaisini na dawa nyingine za jamii hiyo.

Sasa turudi kwa Bibi. Kiuavijasumu hakina macho. Kikitumwa kuua bakteria wa kifua au wa kibofu, huua pia bakteria wema wa utumbo njiani mwake. Siprofloksasini ilipunguza walinzi hao, nao hawajapata wiki za kutosha kujijenga upya, ikafuata seftriaksoni. Dawa hii, hata ikidungwa mshipani, sehemu yake kubwa hutoka kwa njia ya nyongo na kuingia utumboni. Wengi hudhani kwamba sindano haifiki tumboni, na dhana hiyo si sahihi. Difisile mwenyewe kwa kawaida hastushwi na seftriaksoni. Kwa hiyo ndani ya siku chache uwanja ulikuwa mtupu: chakula kipo bila ya mlaji, nyongo imebaki katika umbo lake la kuamsha, na mlinzi hayupo.

Lililohitajika ni mbegu tu, na mbegu zilikuwamo wodini.

Difisile ni dhaifu mno akiwa hai nje ya mwili, lakini ana hila. Akihisi kwamba mazingira ni mabaya hujikunja ndani ya gamba gumu na kavu, akawa kitu ambacho wataalamu hukiita spora. Spora haili, haipumui, haikui, inangoja tu. Inaweza kungoja juu ya chuma cha kitanda, kitasa cha mlango au pazia kwa miezi. Joto la kawaida la kupika chakula haliziui zote, na asidi ya tumbo haiziui. Na kileo kilichomo katika sanitaiza hakiziui kabisa. Wafanyakazi wa maabara wanapotaka kumpata difisile katika kinyesi kilichojaa bakteria wa kila aina, hukichanganya na kileo makusudi: wengine hufa, spora hubaki. Lile tunalolitumia wodini kama kinga, wao hulitumia kama chujio la kumpata.

Hapa ndipo tunapoirudia mitungi ya maji. Katika wodi aliyolazwa Bibi, bomba lilikuwa moja mwisho wa ukumbi, na siku nyingine lilikuwa kavu. Kwenye kila nguzo palining'inizwa chupa ya sanitaiza. Binti yake, aliyezoea kuhesabu maji kwa mtungi, aliiona chupa hiyo kuwa neema, akawa anajipaka kila aingiapo na kila atokapo. Kitanda cha pili kutoka kwa Bibi palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akihara kwa siku kadhaa. Wauguzi wawili waliwahudumia wagonjwa wote wa upande ule, wakapima presha kwa kile kile kitambaa cha mkono kutoka kitanda hadi kitanda. Beseni la haja lilioshwa kwa maji na kurudishwa. Hatuwezi kuthibitisha kwamba spora zilitoka kwa mama yule, na si haki kumnyooshea kidole mgonjwa. Lakini hiyo ndiyo njia yenyewe: kutoka kinyesi hadi mkono, kutoka mkono hadi chombo, kutoka chombo hadi mkono mwingine na hatimaye kinywani. Mgonjwa mmoja mwenye kuhara hutoa spora kwa mamilioni katika kila gramu ya choo.

Spora zikimezwa na mtu ambaye utumbo wake umekwisha kufagiliwa, nyongo huziamsha, zikawa bakteria hai, wakashuka katika utumbo mpana na kuongezeka. Hapo huanza kutoa sumu mbili. Sumu hizo huingia ndani ya seli za ukuta wa utumbo na kuvunja nguzo zinazoishikilia kila seli katika umbo lake. Seli hujikunja, zikaachana na jirani zake, na ukuta uliokuwa hauvuji ukavuja. Maji ya mwili hutoka kuelekea utumboni, na askari weupe wa damu hukimbilia mahali hapo kwa wingi. Kwa mgonjwa mahututi, ukuta hufunikwa na mabaka ya rangi ya manjano, ambayo ni usaha na seli zilizokufa zilizoshikana kama utando. Sasa msomaji ataona kwa nini dawa ya kufunga tumbo ilikuwa hatari. Utumbo unapozuiwa usisukume, sumu hubaki mahali pamoja, na utumbo unaweza kuvimba mpaka ukapasuka. Vile vidonge vya kabatini navyo viliwaua walinzi wachache waliokuwa wameanza kurudi.

Bibi alirudishwa hospitalini. Choo chake kilipimwa kwa darubini kutafuta amiba, na amiba hakuonekana. Katika sehemu nyingi za nchi yetu uchunguzi huishia hapo, mgonjwa akapewa metronidazoli na kuambiwa aende nyumbani. Wakati mwingine hupona, kwa kuwa dawa hiyo ina nguvu kidogo juu ya difisile pia, na hakuna ajuaye kwamba ni difisile aliyekuwapo. Twaamini kwamba hii ni sababu moja ya maradhi haya kusemwa kidogo sana kwetu. Lakini anayemtafuta humpata. Mwaka 2015 watafiti wa Mwanza, Tanzania, walichapisha habari za difisile waliyemkuta kwa watoto na watu wazima waliokuwa wakihara. Na mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa waliolazwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ukaeleza kwamba difisile yumo, kwamba wagonjwa wametumia viuavijasumu kwa wingi, na kwamba bakteria waliopatikana walikuwa na usugu kwa dawa nyingi.

Siku hiyo palikuwa na daktari kijana wa zamu, naye aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: katika miezi mitatu iliyopita mgonjwa alimeza au kudungwa dawa gani? Binti akataja sindano za kifua. Daktari akauliza tena, na kabla ya hapo? Ndipo akataja vidonge vya mkojo, na kwa aibu akataja vile vya kabatini. Miezi mitatu ina maana yake. Hatari huwa kubwa zaidi wakati dawa inatumiwa na katika mwezi wa kwanza baada yake, kisha hupungua polepole, kwa kuwa bakteria wema huchukua muda huo kurudi. Dawa nazo hazilingani. Klindamaisini, jamii ya seftriaksoni na jamii ya siprofloksasini ndizo zilizo mbele kwa hatari hii. Umri wa zaidi ya miaka 65 na kukaa hospitalini huongeza hatari, na watumiaji wa omeprazoli wameonekana kupatwa zaidi, ijapokuwa wataalamu wangali wanabishana kama dawa hiyo ndiyo sababu. Bibi alikuwa nayo yote hayo.

Damu ya Bibi ilionesha seli nyeupe 19,000, na zikizidi 15,000 maradhi huhesabiwa kuwa makali. Choo chake kilipelekwa katika maabara ya Nairobi. Huko walitafuta kwanza alama ya bakteria mwenyewe, kisha sumu yake, maana kumkuta bakteria peke yake hakutoshi: wako watu wazima kabisa wanaotembea naye tumboni bila kuumwa. Kwa sababu hiyo hiyo choo kigumu hakipimwi, na aliyepona hapimwi tena ili kuhakikisha. Kipimo ni cha mtu aliyeenda choo cha maji mara tatu au zaidi kwa siku, bila ya sababu nyingine kama dawa ya kulainisha tumbo. Jibu lilirudi baada ya siku mbili likiwa na sumu, lakini daktari hakulingoja. Siku ile ile alisimamisha siprofloksasini, dawa ya kufunga tumbo na omeprazoli, akaanza kumrudishia maji ya mwili, na akaandika vankomaisini.

Palizuka mabishano madogo kuhusu dawa hii, nasi twayasimulia kwa sababu yanaweza kuokoa mtu mwingine. Vankomaisini iliyopatikana ilikuwa ya sindano, chupa ya unga wa miligramu 500. Muuguzi alitaka kuitia mshipani kama ilivyozoeleka, na daktari akamzuia. Vankomaisini ikipitia mshipani haifiki ndani ya utumbo kwa kiasi cha kutibu, na ikinywewa haiingii katika damu ila kidogo sana, hubaki utumboni alipo adui. Basi unga wa chupa moja uliyeyushwa kwa maji na kugawanywa mara nne, miligramu 125 kila baada ya saa sita, na Bibi akainywa kwa siku kumi. Chupa moja kwa siku, chupa kumi kwa jumla. Ladha yake ni mbaya, akawa anaifuatishia asali. Siku ya tatu homa ilishuka, na siku ya sita alienda choo mara mbili tu.

Kuna atakayeuliza: kama ugonjwa umetokana na kiuavijasumu, mbona watibu kwa kiuavijasumu kingine? Ni swali zuri. Vankomaisini humuua difisile aliye hai, lakini haiui spora zake, na wala haiwarudishi bakteria wema. Hupunguza moto ili walinzi wapate nafasi ya kurudi wenyewe. Ndiyo maana takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hurudiwa na maradhi, aghalabu ndani ya wiki chache baada ya kumaliza dawa.

Kabla hatujafika huko, tueleze kwanza lililofanyika ploti, maana kazi kubwa ilikuwa ya binti, na familia nyingi hubebeshwa kazi hiyo bila ya maelezo. Siku ya kumtoa Bibi hospitalini muuguzi mkuu wa wodi alimkalisha chini akamweleza kwa lugha nyepesi. Sanitaiza aiweke kando kwa muda huu. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, isuguliwe vidole na chini ya kucha. Sabuni nayo haiui spora, lakini huziondoa mkononi zikaenda na maji, na hilo latosha. Anapomsafisha mamake avae glavu, na akizivua aoshe mikono vile vile.

Sisi Waislamu hustanji kwa maji, na usafi huo ni mwema. Lakini kuna jambo moja ambalo binti huyu aliligundua mwenyewe, nasi tulilipenda. Mgonjwa hulishika kopo au birika kwa mkono wa kulia na kujisafisha kwa wa kushoto, kisha huhamisha mkono, na kipini cha kopo hubaki na vilivyobaki. Mwingine akija hulishika hapo hapo. Alimtengea Bibi kopo lake la rangi nyekundu lisiloguswa na mwingine, na kwa kuwa choo ni cha pamoja, alizungumza na jirani za ploti bila ya kuficha. Wengine walinuna. Mama mmoja Mkikuyu wa chumba cha mwisho alileta sabuni mche mzima. Udhu wa Bibi mwenyewe ulifanyika kwa chombo kingine mbali na choo. Na tayamamu, kwa aliyeruhusiwa, humtosha kwa ibada, lakini haisafishi spora, kwa hiyo anayemhudumia asiitegemee kwa jambo hili.

Choo chenyewe kilisafishwa kila siku kwa dawa ya klorini, ile ambayo wengi wetu tunaiita Jiki. Kwa chupa iliyoandikwa asilimia 3.5, kipimo ni kikombe kimoja cha dawa kwa vikombe sita vya maji. Kosa linalofanyika sana ni kuimwaga juu ya uchafu. Uchafu huimaliza nguvu klorini kabla haijazifikia spora. Kwanza pasuguliwe kwa maji ya sabuni na kuoshwa, kisha dawa ipakwe na iachwe ikiwa majimaji kwa dakika kumi, ndipo isuuzwe. Ichanganywe mpya kila siku, kwa kuwa ikikaa hufifia. Isichanganywe kamwe na ile asidi ya kusafishia vyoo, kwani hutoa hewa ya sumu. Shuka na kanga za mgonjwa zilifuliwa peke yake kwa maji ya moto, na zile nyeupe zikatiwa klorini. Binti alitupigia hesabu: mitungi mitatu ya ziada kwa siku. Dada wa Mombasa alikuwa akituma fedha za maji, si za dawa.

Na wageni waje? Kumzuru mgonjwa ni haki yake kwetu, na hatuoni sababu ya kuifuta. Mtu mzima mwenye tumbo lililotulia, asiyekuwa katika viuavijasumu, ana kinga kubwa kwa wale bakteria wake mwenyewe. Anawe kwa sabuni akitoka, asiketi kitandani, asile chakula penye kitanda cha mgonjwa. Mzee aliyetoka kumaliza dawa za kifua au mkojo, huyo atume salamu.

Yapo mahali ambapo jambo hili lilipimwa kwa kiwango cha nchi nzima. Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville ilipata milipuko miwili ya difisile kati ya mwaka 2003 na 2005, na ripoti rasmi ya mwaka 2006 ilihesabu vifo visivyopungua 33 vilivyotokana na maradhi hayo. Huko maji yalikuwapo, na vitanda vilikuwapo, lakini wagonjwa wenye kuhara hawakutengwa kwa wakati. Katika mwaka wa hesabu wa 2007 hadi 2008 Uingereza ilisajili zaidi ya wagonjwa 55,000. Miaka sita baadaye walikuwa chini ya 14,000. Watu walidhani kwamba usafi ndio uliofanya kazi yote. Utafiti uliotoka Oxford mwaka 2017 uliyachunguza maumbile ya bakteria wenyewe, ukaonesha kwamba waliotoweka hasa ni wale wenye usugu kwa jamii ya siprofloksasini, na wakatoweka baada ya madaktari kupunguza kuiandika dawa hiyo. Aina zisizokuwa na usugu huo hazikupungua kwa kiasi kile, ingawa zilisafishwa kwa ndoo na sabuni zile zile. Kwa maoni yetu hilo ndilo jibu halisi la swali la dada wa Mombasa. Mbegu hubebwa na mikono, lakini shamba hulimwa na dawa, na zile siprofloksasini za mkojo zilizonunuliwa dukani bila kipimo huenda ndizo zilizoanza kulima.

Hatusemi kwamba mtu aache dawa aliyoandikiwa. Nimonia ya Bibi ilihitaji seftriaksoni. Lakini uchungu wa mkojo ungepimwa kwanza, pengine ungetibiwa kwa nitrofurantoini, ambayo hufanya kazi katika mkojo na haiufagii utumbo kwa kiasi hicho.

Siku ya kumi na tisa baada ya kumaliza vankomaisini, Bibi aliharisha tena mara nne. Safari hii hakuna aliyefungua kabati. Binti alimpeleka siku ile ile na karatasi zote mkononi, na daktari akampa tena vankomaisini, lakini kwa mpango mwingine: mara nne kwa siku kwa wiki mbili, kisha mara mbili, kisha mara moja, kisha siku moja kwa siku mbili au tatu, kwa wiki kadhaa. Kusudi lake ni kwamba spora zinazoamka kidogo kidogo zikute dawa kila ziamkapo, huku bakteria wema wakipata siku za kupumua.

Daktari aliwaambia pia kwamba wanaorudiwa mara nyingi hutibiwa, katika nchi nyingine, kwa kupewa bakteria waliotolewa katika kinyesi cha mtu mzima aliyepimwa afya yake. Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio ambamo wagonjwa 13 kati ya 16 walipona kwa kumiminiwa mara moja tu, na jaribio likasimamishwa mapema kwa kuwa waliopewa vankomaisini peke yake walikuwa wakirudiwa zaidi. Mtoto wa kiume wa Bibi aliuliza papo hapo kuhusu najisi. Daktari, ambaye si Mwislamu, alimjibu kwamba hilo si swali lake, aliulize kwa mashekhe, na kwamba yeye ataeleza tu kama hali imefikia dharura au la. Haikufikia.

Tulipoagana nao Bibi alikuwa katika dozi ya siku moja kwa siku tatu, anakula ugali na mboga, na amerudi kulalamika kuhusu baridi. Kabatini pamebaki karatasi moja yenye orodha, iliyoandikwa na mjukuu wa darasa la saba: jina la kila dawa, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Chini yake pameandikwa kwa wino mwekundu kwamba mgonjwa huyu aliwahi kuugua difisile, na kwamba daktari yeyote atakayetaka kumpa kiuavijasumu asome hapa kwanza.